Ukishindwa kuchuchumaa, kipime kwanza kifundo cha mguu

Wengi wanaofika katika idara yetu ya fiziotherapia wakisema hawawezi tena kuchuchumaa huwa wameshaamua kwamba tatizo ni goti. Wameshapaka dawa ya kuchua, wameshavaa soksi ya goti, na wengine wameshapigwa picha ya eksirei. Tukiwapima, mara nyingi goti linakunjika vizuri na nyonga haina shida. Kilichokaza ni kifundo cha mguu, mahali ambapo mgonjwa hakupafikiria kabisa kwa sababu hapamuumi.

Kuchuchumaa ninakozungumzia hapa ni kule kwa kushuka hadi chini kabisa: mapaja yameegemea mashavu ya miguu, makalio yako karibu na visigino, na nyayo zote mbili zimekanyaga chini. Ndivyo tunavyokaa tukipuliza moto kwenye mafiga, tukichambua mboga au tukitumia choo cha shimo. Aliyezoea anaweza kupiga soga katika mkao huo bila kuona kwamba anafanya kazi yoyote, ingawa misuli yake haijalala. Mwaka 2020, timu ya watafiti akiwemo David Raichlen, na Audax Mabulla wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilichapisha matokeo ya vipimo vya Wahadzabe wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi. Ilionekana kwamba Wahadzabe hutumia karibu saa 10 kwa siku wakiwa wamepumzika, muda unaokaribiana na wa watu wa nchi zenye viwanda. Tofauti ni kwamba sehemu ya mapumziko yao ni kuchuchumaa na kupiga magoti, na katika kuchuchumaa misuli ya miguu ilifanya kazi zaidi kuliko katika kukaa kitini.

Sasa tuangalie mwili unavyojisawazisha pale chini. Ili usianguke, uzito wako wote lazima ubaki juu ya nyayo. Makalio yanapokwenda nyuma, magoti hayana budi kwenda mbele, kupita vidole, ili uzito ulingane. Na magoti hayawezi kwenda mbele mpaka ugoko uiname juu ya unyayo huku kisigino kikibaki chini. Mkao huu unahitaji ugoko uiname kwa karibu nyuzi 35 hadi 40 kutoka wima, wakati kutembea kwa kawaida katika ardhi tambarare kunahitaji kama nyuzi 10 tu. Ndiyo maana mtu anaweza kutembea miaka mingi bila kuchechemea, akapanda ngazi na hata kukimbia, asijue kwamba kifundo chake kimepoteza zaidi ya nusu ya mwendo wake. Atajua siku atakapolazimika kuchuchumaa. Visigino vitanyanyuka abaki amesimamia vidole, au ataanguka kinyumenyume, au atatupa nyayo nje na kulalia upande wake wa ndani. Dalili hii ya tatu ndiyo inayopita bila kuonekana, maana mtu anafika chini kweli, lakini amefika kwa kubonyeza unyayo na kuyapinda magoti kuelekea ndani.

Goti nalo hukunjwa sana katika mkao huu, nyuzi 150 au zaidi, na nyonga hukunjwa mpaka paja linakaribia tumbo. Kuvichunguza viungo hivi viwili ni rahisi. Lala chali kitandani au mkekani, kumbatia magoti yote mawili uyavute kifuani, kisha visogeze visigino kwenye makalio. Huo ni mkao uleule wa kuchuchumaa, ila umelazwa, hauna uzito na haukidai kifundo chochote. Ukiweza kujikunja hivyo bila maumivu, magoti na nyonga zako zina mwendo wa kutosha. Kisha simama, weka visigino juu ya ubao wenye unene wa sentimita 3 au 4, shika nguzo au fremu ya mlango, ujaribu kushuka. Ukishuka salama ukiwa juu ya ubao lakini ukashindwa ukiwa sakafuni, kifundo ndicho kinachokuzuia.

Kukipima chenyewe hakuhitaji kifaa zaidi ya rula. Vua viatu, simama ukiutazama ukuta, peleka mguu mmoja mbele, kisha kunja goti mpaka liguse ukuta. Ukigusa kwa urahisi, rudisha unyayo nyuma kidogo ujaribu tena, hadi utakapofika mahali ambapo ukirudi zaidi kisigino kinanyanyuka. Pima kutoka ncha ya kidole gumba cha mguu hadi ukutani. Watu wazima wengi wenye kifundo kizima hupata karibu sentimita 10 au zaidi, na kila sentimita moja ni sawa na kama nyuzi 3 na nusu za mwendo. Weka kipande cha karatasi chini ya kisigino, mtu akivute. Kikichomoka, kisigino kimeshaondoka chini hata kama wewe hukuhisi. Goti nalo lielekee usawa wa kidole cha pili, kwa sababu likiingia ndani unyayo unajibonyeza na kipimo kinadanganya.

Nichukue mfano wa mama lishe mmoja, mwenye umri wa miaka 40 na kitu. Alianguka na bodaboda, akavunjika kifundo cha kulia, akakaa na plasta ngumu wiki 6. Alikuja kwetu miezi kadhaa baadaye akasema, “Daktari, goti hili limegoma. Chooni nashika ukuta kwa mikono miwili.” Goti lilikuwa likimuuma kweli, upande wa mbele. Tulipomlaza, alijikunja vizuri pande zote mbili. Ukutani, mguu wa kushoto ulitoa sentimita 11, wa kulia 4. Pengo hilo la sentimita 7 ni karibu nyuzi 25. Kwa kuwa ugoko wa kulia haukuweza kuinama, kisigino kilinyanyuka, akawa anabeba uzito kwa vidole na kwa goti lililokuwa halina msaada wa unyayo. Maumivu ya goti yalitokana na hilo.

Swali lililofuata kwake lilikuwa moja: unahisi kukazwa wapi? Akashika chini ya shavu la mguu, karibu na kano nene ya kisigino. Jibu hilo ni la maana sana. Mvuto wa nyuma unatokana na misuli na kano, na hivyo hurefuka kwa mazoezi. Mbano wa mbele, mahali mguu unapoungana na unyayo, ni habari nyingine. Mfupa wa kifundo ulio chini ya ugoko ni mpana zaidi upande wa mbele, na ugoko ukiinama huingia kama kabari kati ya ncha mbili za mifupa ya mguu. Baada ya kuvunjika, nafasi hiyo inaweza kuwa imebanwa na kovu, na ukilazimisha kunyoosha unazidisha tu maumivu. Mwenye mbano wa mbele anahitaji mikono ya mtaalamu kwanza, na wakati mwingine picha.

Kuna kosa moja tunalokutana nalo kila mara, hata kwa wachezaji wa mpira. Shavu la mguu lina misuli mikubwa miwili. Ule wa juu unaanzia juu ya goti, kwa hiyo goti likikunjwa unalegea. Ule wa ndani unaanzia chini ya goti na haujali goti limekunjwa au limenyooka. Unapochuchumaa goti limekunjwa kabisa, kwa hiyo anayekuzuia ni ule wa ndani. Mtu anayesukuma ukuta huku goti la nyuma limenyooka ananyoosha zaidi ule wa juu, anafanya hivyo wiki nzima, na kuchuchumaa kwake hakubadiliki.

Kwa hiyo yule mama tulimwambia anyooshe goti likiwa limekunjwa. Aliweka unyayo wa kulia juu ya kigoda kifupi, kisigino kikiwa kimekanyaga, akaliegemeza goti mbele juu ya vidole kwa uzito wa kifua chake. Alishikilia sekunde 30, akapumzika, akarudia mara 4, asubuhi na jioni. Mvuto ulitakiwa kuwa wa kuvumilika, na uishe mara anapoachia. Zoezi la pili lilikuwa la kuchuchumaa kwenyewe: visigino juu ya ubao, mikono imeshika nguzo, akae chini nusu dakika, asimame. Kila alipoona anashuka bila kujivuta kwa mikono, alibadilisha ubao akachukua mwembamba zaidi. Baada ya wiki 10 mguu wa kulia ulikuwa umefika sentimita 8. Hapo ndipo mbano wa mbele ulipojitokeza, na tukaacha kusukuma. Alipanua miguu kidogo zaidi ya mabega, akageuza vidole nje kiasi, akaweza kutumia choo bila kushika ukuta na goti likaacha kuuma. Upana huo wa miguu hauna kipimo kimoja cha watu wote. Tundu la nyonga limeelekea tofauti kidogo kwa kila mtu, kwa hiyo tafuta upana ambao paja lako linapita pembeni mwa tumbo bila kubana kwenye kinena.

Mwenye goti linalouma ajue kwamba kazi nzito iko katikati ya safari, wakati wa kushuka na kuinuka, kwa sababu ukifika chini paja huegemea shavu la mguu na kupunguza mzigo wa goti. Ashike kitu imara sehemu hiyo. Goti lililovimba, linalokwama katikati au linaloshindwa kunyooka lisilazimishwe. Aliyewekewa nyonga ya bandia asichuchumae mpaka daktari aliyempasua amruhusu, na kiti chenye tundu kinachowekwa juu ya choo cha shimo kitamfaa.

Tena, kukaa hivi muda mrefu kila siku kuna gharama. Utafiti uliofanywa kwa wazee wa Beijing, uliochapishwa mwaka 2004, uliona kwamba waliochuchumaa saa nyingi kwa siku ujanani walikuwa na usagikaji zaidi wa magoti. Wapalizi na wavunaji wana hatari nyingine ya haraka zaidi: mshipa wa fahamu unaozunguka kichwa cha mfupa mwembamba, upande wa nje chini kidogo ya goti, unaweza kubanwa. Ganzi ya kawaida hupotea dakika chache baada ya kusimama. Ganzi ikibaki juu ya unyayo, au ukishindwa kusimama kwa visigino huku vidole vimeinuliwa, au mguu ukaanza kuburuza na kujikwaa ncha, nenda hospitali siku hiyohiyo na uache kuchuchumaa mpaka upimwe. Shambani, chukua kigoda, na usimame kila baada ya dakika chache kabla ganzi haijaanza.