Utani wa kaka wa bibi harusi, maharusi wakiwa wamekutana mtandaoni

Nasherehesha harusi kuanzia Tukuyu hadi Mafinga, na ndugu wengi huniletea hotuba nizipitie kabla ya siku yenyewe. Maharusi wakiwa wamekutana mtandaoni, rasimu haikosi mstari huu: "Mwanzoni tulidhani shemeji ni tapeli." Ukumbi utacheka, sikatai. Ila mtazame bibi harusi pale meza kuu: anatabasamu huku anakunjakunja leso, na shangazi wa upande wa pili ameacha kula.

Kipimo changu ni hiki: toa "mtandaoni", weka "kwenye semina ya kilimo pale Uyole". Utani ukifa, ujue ulikuwa unacheka namna walivyokutana. Ufute. Ukibaki hai, unawacheka watu wenyewe kwa tabia zao, na hapo ndipo ndugu wana haki ya kutania.

Chukua kaka mmoja wa Mafinga. Dada yake alikutana na kijana wa Tukuyu kwenye kundi la WhatsApp la wakulima wa parachichi. Nilimwuliza: ujumbe wa kwanza ulisemaje? Kumbe kijana alikuwa anawashauri wenzake kuhusu mbolea ya miche, akakosea kiasi, dada akamsahihisha mbele ya kundi zima. Hotuba ikajiandika:

"Walikutana kwenye kundi la wakulima. Dada yangu hakumjibu kwa mapenzi. Alimjibu kwa sababu mtu akikosea, yeye halali. Shemeji, hongera: sasa utasahihishwa bure, maisha yote."

Mtandao umepita kwa sentensi moja kavu, bila "eti" wala "siku hizi mambo yamebadilika". Hiyo "eti" ndiyo sumu yenyewe, hata ukiitamka kwa upole.

Kisha tukamgeukia kijana, maana ukitania upande mmoja tu, upande ule unahesabu. Siku ya kujitambulisha alishuka kwenye basi na mkungu mzima wa ndizi begani:

"Baba akaninong'oneza: huyu kaja kuoa, au kaja kufungua genge?"

Hapo wazee ndio huanza kucheka, kwa sababu ndizi za Tukuyu hazihitaji simu kueleweka. Subiri. Meza za nyuma huchelewa kidogo, hasa spika zikiwa mbele tu, na ukiendelea kusema utawakatia kicheko chao.

Kuna jambo moja la kuwauliza maharusi mapema: wazazi wa pande zote wanajua walikutana vipi? Kama upande mmoja haujaambiwa, ruka sentensi ya kundi, anzia kwenye mkungu. Usitunge uongo wa semina. Kile kilikuwa kipimo cha mezani tu.

Dakika nne zinatosha. Baada ya genge mtakie dada heri, mkabidhi shemeji kwa jina lake, inua glasi, kisha mrudishie mshereheshaji kipaza sauti kabla mjomba hajakiomba.