Thamani kamili: kwa nini "ndogo kuliko" hudai "na", na "kubwa kuliko" hudai "au"

Nikisahihisha mazoezi ya kutolingana, kuna jibu moja ninaloliona kila mwaka:

−3 > x > 3

Swali lilikuwa |x| > 3. Mwanafunzi anakumbuka kwamba |x| < 3 inaandikwa −3 < x < 3, basi amegeuza alama zote mbili, akapiga mstari chini ya jibu na kusonga mbele. Lisome jibu lake polepole. Linasema x ni ndogo kuliko −3, na papo hapo x hiyohiyo ni kubwa kuliko 3. Namba ya namna hiyo haipo. Ukiiruka x ya katikati, ameandika kwamba −3 ni kubwa kuliko 3.

Wengi wetu tulifundishwa sheria mbili za kukariri: ikiwa ndogo kuliko, jibu liko katikati, ikiwa kubwa kuliko, jibu liko nje, pande mbili. Sheria hizo zinafanya kazi kwa maswali mepesi, kisha zinamtupa mtu siku swali linapogeuzwa kidogo. Leo nataka tuone zinatoka wapi, kwa sababu ukishajua chimbuko lake huna haja ya kukariri kitu.

Tuanze na umbali. Thamani kamili ya x, yaani |x|, ni umbali wa x kutoka sifuri kwenye mstari wa namba. Na |x − 40| ni umbali kati ya x na 40. Chukua barabara iliyonyooka yenye mawe ya kilomita, na mnara wa simu umesimama kwenye jiwe la 40. Tuseme mawimbi yake yanafika chini ya kilomita 15 kila upande. Anayepata mtandao yuko mahali x ambapo

|x − 40| < 15

Ili aupate, lazima awe amelipita jiwe la 25 na pia awe hajafika jiwe la 55. Masharti yote mawili yatimie kwa pamoja, kwa hiyo 25 < x < 55, kipande kimoja cha barabara. Asiyepata mtandao ni yule ambaye |x − 40| ≥ 15: ama yuko kwenye jiwe la 25 au nyuma yake, au yuko kwenye jiwe la 55 au mbele yake. Mtu mmoja hawezi kuwa sehemu zote mbili, na wala hatakiwi kuwa. Sehemu moja inatosha kumkosesha mtandao. Ndiyo maana jibu la aina hii huandikwa kwa sentensi mbili zilizotenganishwa na "au": x ≤ 25 au x ≥ 55. Huwezi kuzibana katika mnyororo mmoja, kwa sababu mnyororo kama 25 < x < 55 umebeba "na" ndani yake hata kama haionekani.

Picha hiyo ni nzuri, ila mimi napendelea sababu ya pili, iliyo kavu kidogo lakini yenye nguvu zaidi. Chukua namba yoyote A, pamoja na kinyume chake, −A. Thamani kamili ya A ni ile iliyo kubwa kati ya hizo mbili. Kwa 7 na −7, kubwa ni 7. Ukianza na A = −7, basi −A ni 7, na kubwa bado ni 7. A ikiwa sifuri, zote mbili ni sifuri.

Sasa jiulize: lini namba kubwa kati ya mbili inakuwa chini ya k? Pale tu zote mbili zikiwa chini ya k, kwani kubwa ikipita chini ya mlango, ndogo haiwezi kugonga juu. Kwa hiyo |A| < k maana yake ni A < k na −A < k. Na lini kubwa kati ya mbili inazidi k? Pale ambapo angalau moja inazidi k, basi. Kwa hiyo |A| > k maana yake ni A > k au −A > k.

Kila kitu kimo humo. Hata ile alama inayogeuka upande wa pili, ambayo wanafunzi huiona kama mazingaombwe, inatoka hapo: −A < k ukiizidisha kwa −1 inakuwa A > −k, kwa kuwa kuzidisha au kugawanya kutolingana kwa namba hasi hugeuza alama. Unganisha A > −k na A < k, unapata −k < A < k. Kwa aina ya pili, −A > k inakuwa A < −k, nawe unabaki na A > k au A < −k.

Tufanye swali moja ambalo huwakamata wengi:

4 − 3|2x + 1| > −11

Anayekariri anaona alama ya "kubwa kuliko", anakimbilia "au". Subiri. Aina ya swali haijulikani mpaka thamani kamili ibaki peke yake upande mmoja. Toa 4 pande zote:

−3|2x + 1| > −15

Gawanya kwa −3. Tumegawanya kwa namba hasi, alama inageuka:

|2x + 1| < 5

Kumbe ni aina ya "ndogo kuliko" iliyovaa nguo za mwenzake. Sasa ndipo tunafungua mistari ya wima:

−5 < 2x + 1 < 5

Toa 1 kila mahali: −6 < 2x < 4. Gawanya kwa 2: −3 < x < 2.

Ukaguzi wake hauchukui muda. Jaribu namba iliyo ndani, sifuri kwa mfano: 4 − 3(1) = 1, na 1 ni kubwa kuliko −11, sawa. Jaribu iliyo nje, 3: 4 − 3(7) = −17, ambayo ni ndogo kuliko −11, kwa hiyo 3 haimo, kama tulivyotaka. Kisha weka ncha zenyewe. Kwa x = 2 tunapata 4 − 3(5) = −11 barabara; kwa x = −3 ni vilevile. Hivyo ndivyo ncha inavyotakiwa kufanya: pande mbili za swali zilingane hasa. Zisipolingana, umekosea hesabu mahali fulani. Aliyekimbilia "au" angepata x < −3 au x > 2. Ncha zake ni sahihi, ila amechukua upande usio wake. Ndiyo maana kukagua ncha peke yake hakutoshi. Lazima pia ujaribu namba ya ndani.

Aina ya "kubwa kuliko" ina mtego wake, hasa x ikiwa na kizidishi hasi:

|5 − 2x| ≥ 3

Andika sentensi mbili: 5 − 2x ≥ 3 au 5 − 2x ≤ −3. Ya kwanza inatoa −2x ≥ −2, yaani x ≤ 1. Ya pili inatoa −2x ≤ −8, yaani x ≥ 4. Jibu ni x ≤ 1 au x ≥ 4. Kosa la kawaida hapa ni kugeuza alama katika sentensi moja na kuisahau katika nyingine, na matokeo yake huonekana mara moja: unapata "x ≤ 1 au x ≤ 4", mishale miwili inayoelekea upande mmoja. Ukiona hivyo katika swali ambalo upande wa pili ni namba tupu iliyo chanya, rudi nyuma ukatafute ulipokosea.

Vipi upande wa pili ukiwa namba hasi? Vitabu vingi huweka hili kama sheria ya pembeni. Ukifikiri kwa umbali, linajibiwa bila kalamu: |x + 7| < −2 haina jibu, maana hakuna umbali ulio chini ya −2, na |x + 7| > −2 ni kweli kwa kila namba. Kinachonifurahisha ni kwamba hata njia ya "na" na "au" inafika palepale bila kuambiwa lolote. Ya kwanza inadai x + 7 < −2 na pia x + 7 > 2, mambo yasiyoweza kutokea pamoja. Ya pili inaomba x + 7 > −2 au x + 7 < 2, na hakuna namba inayokosa yote mawili. Kwa sifuri fuata njia hiyohiyo: |x − 4| ≤ 0 inabakiza x = 4 tu, na |x − 4| > 0 inaruhusu kila namba isipokuwa 4.

Mahali ambapo picha ya "katikati" na "nje" inavunjika kabisa ni pale x inapokaa pande zote mbili. Tazama hili:

|x − 6| > 2x

Hapa upande wa kulia si umbali uliopimwa na kukaa. Unabadilika kila x inapobadilika, kwa hiyo hakuna mnara wala mzunguko wake. Lakini |x − 6| bado ni kubwa kati ya x − 6 na −(x − 6), na hilo halijali upande wa kulia kuna nini. Kwa hiyo tunaandika x − 6 > 2x au −x + 6 > 2x. Sentensi ya kwanza inatoa x < −6. Ya pili inatoa 6 > 3x, yaani x < 2. Mishale miwili inaelekea upande mmoja, na safari hii si kosa. Tumeunganisha kwa "au", na kila namba iliyo chini ya −6 tayari iko chini ya 2, kwa hiyo jibu zima ni x < 2. Mshale mmoja tu, kutoka kwenye swali la "kubwa kuliko".

Mwanafunzi anayeamini kwamba lazima kuwe na vipande viwili ataanza kugeuza alama mpaka apate anachokitarajia. Namba zenyewe zinamkatalia: kwa x = 0 tunapata 6 > 0, kwa x = −10 tunapata 16 > −20, kwa x = 3 tunaulizwa kama 3 > 6, na kwenye ncha, x = 2, pande zote mbili ni 4.