Mama mboga, muuza mitumba na mwenye jumla: kugawa soko la malipo ya simu

Kampuni inapotaka kuwauzia wafanyabiashara wa sokoni huduma ya kupokea malipo kwa simu, kwa kawaida huwaweka wote katika fungu moja liitwalo "wafanyabiashara wadogo", kisha huwapelekea tangazo moja, kibandiko kimoja na afisa mauzo mmoja mwenye maneno yale yale kila kibandani. Makala haya yanaeleza kwa nini fungu hilo halifai, kwa kutumia mfano wa Kenya, ambako huduma ya M-PESA imekuwepo kwa muda wa kutosha kutuonyesha ni nini humfanya mwenye kibanda apokee malipo kwa njia fulani na kuikataa nyingine.

Inafaa kukumbuka kwamba M-PESA yenyewe ilipata nafasi yake kwa kubadilishwa lengo. Majaribio yaliyoanza mwaka 2005 yalikusudiwa kuwawezesha wakopaji wa taasisi ya mikopo midogo ya Faulu kupokea na kulipa mikopo yao kwa simu. Wahusika walipofuatilia matumizi, waligundua kwamba watu walikuwa wakitumiana fedha wao kwa wao kwa sababu zisizohusu mikopo hata kidogo. Kampuni ya simu ya Safaricom ilipoizindua huduma hiyo rasmi Machi 2007, ujumbe wake ulikuwa mmoja tu, nao ni kutuma pesa nyumbani. Huko ndiko kuweka nafasi ya bidhaa: kuchagua jambo moja ambalo mteja atalikumbuka anapoisikia, na kuyaacha mengine kando hata kama bidhaa inayaweza.

Nafasi hiyo, hata hivyo, ilikuwa ya mtu binafsi. Sokoni, wauzaji waliendelea kupokea malipo kwa nambari zao za kawaida, na fedha za biashara zikachanganyika na za karo, za chama na za shemeji aliyeomba msaada. Mwaka 2013 ikaja Lipa na M-PESA, yenye nambari ya tili, yaani nambari ya biashara ambayo mteja huilipia, nayo iliingia kwa urahisi katika maduka makubwa na vituo vya mafuta lakini ikachelewa kumfikia mwenye kibanda. Baadaye Safaricom ikaongeza Pochi la Biashara, iliyowalenga waziwazi wauza vyakula, wenye vibanda, waendesha boda boda na wauza mitumba. Mfanyabiashara hujisajili mwenyewe kwa kupiga *334#, hutumia laini ile ile aliyo nayo, na fedha za mauzo huingia katika mfuko uliotengwa na fedha zake za nyumbani.

Kwa hiyo leo afisa mauzo anaingia sokoni akiwa na njia tatu mkononi: nambari ya kawaida, Pochi na tili. Swali lake la kwanza lisiwe mfanyabiashara huyu anauza nini. Aulize mambo mawili: mauzo moja ya kawaida hapa ni shilingi ngapi, na fedha hizo zikishaingia zinaelekea wapi. Umri, jinsia na aina ya bidhaa husaidia kuandika tangazo, lakini majibu ya maswali haya mawili ndiyo yanayoonyesha mpaka halisi kati ya kundi moja na jingine, kwa sababu ada za huduma zimepangwa kufuata kiasi cha muamala.

Tuchukue viwango vilivyoanza kutumika Kenya Julai 2023. Kumtumia mtu fedha zisizozidi shilingi 100 hakuna ada. Kutuma kati ya shilingi 101 na 500 anayetuma hutozwa shilingi 7, na kati ya 501 na 1,000 hutozwa shilingi 13. Anayelipa kwa Pochi hutozwa kama anayemtumia mtu. Kwenye tili ya ununuzi wa bidhaa mambo hugeuka: mnunuzi hatozwi kitu, na mwenye duka hukatwa asilimia 0.55, isipokuwa kwa malipo yasiyozidi shilingi 200 ambayo hayakatwi.

Sasa tuwatazame wafanyabiashara watatu wa mfano katika eneo la Gikomba jijini Nairobi. Hesabu ni za kuelezea tu, lakini mpangilio wake utatambuliwa na yeyote anayelijua soko hilo.

Wa kwanza ni mama mboga ambaye mauzo yake ya kawaida ni shilingi 50: fungu la sukuma, nyanya chache, kitunguu. Akiuza mara 60 kwa siku anapata shilingi 3,000. Kwa kiwango hiki cha mauzo, nambari ya kawaida haina ada, Pochi haina ada, na tili haina makato. Kumwambia mama huyu kwamba huduma yako ni nafuu ni kumwambia jambo lisilomhusu, maana hakuna anapolipa zaidi wala pungufu. Ujumbe unaomfaa ni mwingine kabisa. Ana hofu ya mteja anayelipa, akaondoka na mboga, kisha akapeleka ujumbe wa muamala kwenye 456, nambari ya kuomba fedha zirudishwe, akidai alituma kwa makosa. Kwa nambari ya kawaida njia hiyo ipo wazi kwa aliyetuma, ilhali malipo yaliyoingia Pochi mnunuzi hawezi kuanzisha urejeshaji wake mwenyewe. Pia jioni akitazama salio la Pochi anaona mauzo ya siku peke yake. Kwake, basi, nafasi ya bidhaa ni hii: pesa ya kibanda iko mahali pake na hairudishwi kwa ujanja.

Wa pili anauza mitumba, na mauzo yake ya kawaida ni shilingi 300. Akiuza vipande 15 kwa siku anapata shilingi 4,500. Mpe Pochi, na kila mnunuzi atatozwa shilingi 7, jumla shilingi 105 kwa siku kutoka mifukoni mwa wateja. Kiasi hicho kinaweza kuonekana kidogo kwa aliyeko ofisini, lakini mteja huyu ametumia dakika kumi kuishusha blauzi kutoka 350 hadi 300, na hatakubali iwe 307 bila maneno. Ataomba apunguziwe tena, au atatoa noti. Mpe muuzaji huyo huyo tili, na makato yake kwa mauzo yote 15 ni shilingi 24.75, wala mnunuzi hagusi ada. Kwa hiyo huyu anauziwa kwa sentensi tofauti: mteja wako analipa bei mliyopatana, basi. Anayempelekea muuza mitumba ujumbe wa mama mboga, kwa kuwa kampuni imewaita wote wadogo, atamsajili leo na kumpoteza wiki ijayo.

Wa tatu ni mwenye jumla, anayeuza nyanya kwa kreti na sukuma kwa gunia. Ni rahisi kumwacha nje ya kampeni kwa kuwa si mdogo, na hapo ndipo kampeni nyingi hukwama. Turudi kwa mama mboga alfajiri. Mauzo ya jana yameingia kwenye simu, lakini mwenye jumla anataka fedha taslimu. Mama anakwenda kwa wakala kutoa shilingi 1,500, anakatwa 29. Akiamua kumtumia mwenye jumla kiasi hicho kwa nambari ya kawaida, ada ni 23, na huenda akaambiwa aweke na ya kutoa, kama ilivyo desturi. Lakini mwenye jumla akiwa na tili, mama halipi chochote, na mwenye jumla anakatwa takriban shilingi 8. Yaani ada ambayo mama mboga hakuiona wakati wa kupokea ilikuwa ikimsubiri wakati wa kununua mzigo, na mtu mwenye uwezo wa kuiondoa hakuwa mteja wake bali msambazaji wake.

Kutokana na hili, mpangilio wa kazi sokoni unapaswa kuanzia juu. Wenye jumla wanaolisha soko husika waorodheshwe na kufikiwa kwanza, kabla ya vibanda. Wao wasielezwe habari za usalama wa mboga za shilingi 50. Wanachokijali ni kutobeba maburungutu ya noti alfajiri, na kuwa na kumbukumbu ya nani amelipa na nani bado anadaiwa, kwa kuwa wengi wao huwakopesha wachuuzi wao. Wanaposema asilimia 0.55 ni nyingi, na watasema, jibu lenye uzito ni kuwafanyia hesabu ya noti bandia, ya muda wa kuhesabu na ya mlinzi. Kama faida yao kwa kreti ni nyembamba kupita makato hayo, afisa akubali kwamba bidhaa haijawafaa bado. Baada ya wenye jumla ndipo vibanda vifuatwe, na mama mboga aambiwe kwa jina ni nani sokoni anayepokea tayari.

Zipo hofu ambazo bei haiwezi kuzitibu. Wafanyabiashara wengi huogopa kwamba tili itamfungulia mtoza ushuru daftari lao, na afisa anayecheka hofu hiyo huonekana mwongo. Ni bora aseme wazi kwamba miamala ya simu huacha kumbukumbu, Pochi ikiwemo. Tanzania nayo ilitoa funzo kali kuhusu ada: tozo ya miamala ya simu ilipoanza Julai 2021, malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba Serikali iliipunguza kwa asilimia 30 Septemba mwaka huo huo. Nafasi ya bidhaa iliyojengwa juu ya unafuu pekee inaweza kuvunjwa kwa tangazo moja la gazeti la serikali, ilhali ile iliyojengwa juu ya kutenganisha fedha hubaki.

Namna ya kupima matokeo nayo ifuate makundi. Afisa akilipwa kwa kila usajili, ataleta usajili mwingi, na nambari nyingi zitalala. Kipimo chenye maana zaidi kwa mama mboga ni idadi ya malipo yanayoingia kwa siku ya kawaida ya soko wiki ya nne, kwa muuza mitumba ni sehemu ya mauzo yanayozidi shilingi 100 ambayo yamepita kwenye tili, na kwa mwenye jumla ni idadi ya wachuuzi tofauti waliomlipa kwa tili alfajiri.

Kipo pia kipimo kisichohitaji kompyuta. Simama kibandani ukiwa mnunuzi, chukua bidhaa yako, uliza utalipaje. Kibandiko cha tili kinaning'inia juu ya kichwa cha muuzaji, kimefifia kwa jua, naye bila kukitazama anakutajia nambari ya simu yake inayoanza na 07. Muulize kwa nini. Akijibu kwamba za tili zinachelewa kumfikia mkononi, tatizo lako ni njia ya kutoa fedha. Akijibu kwamba hiyo ilikuwa ya kijana aliyemwajiri zamani, tatizo ni usajili. Na akisema mwenye mzigo anataka noti, rudi kwa mwenye jumla.