Veto ikipigwa si kwamba UN nzima imefungwa: yale tunayoyakosea kuhusu Baraza la Usalama

Februari 2022 kulitokea kitu ambacho wengi walikipita tu kwenye habari. Tarehe 25 Baraza la Usalama lilipiga kura kuhusu Urusi kuivamia Ukraine, 11 wakasema ndiyo, Urusi ikasema hapana, China, India na Falme za Kiarabu wakajizuia. Rasimu ikafa. Siku mbili baadaye, tarehe 27, wakapiga kura tena na matokeo yakawa yaleyale kabisa, 11 ndiyo, 1 hapana, 3 wamejizuia, nchi zilezile, na safari hii azimio likapita, ndo lile namba 2623. Sasa mtu akishaelewa kwa nini kura zilezile zimeleta majibu mawili tofauti, karibu kila kitu kinachosemwa vibaya kuhusu veto atakuwa ameshakipata.

"Nchi yenye veto inaweza kuzuia chochote pale barazani"

Hapana. Mkataba wa Umoja wa Mataifa, ibara ya 27, unagawa kura za Baraza la Usalama mafungu mawili. Kuna mambo ya utaratibu, yaani jinsi baraza linavyoendesha shughuli zake, hayo yanahitaji kura 9 kati ya 15 basi, hata wakubwa wote watano wakikataa. Halafu kuna mambo mengine yote, yale yenye uzito wenyewe, haya yanahitaji kura 9 na pia asiwepo hata mmoja kati ya Marekani, Urusi, China, Uingereza na Ufaransa aliyesema hapana. Veto ndo hiyo, kura ya hapana ya mmoja wa hao watano kwenye fungu la pili. Tarehe 25 walikuwa wanapigia kura uvamizi wenyewe kwa hiyo hapana ya Urusi ikaua. Tarehe 27 walikuwa wanapigia kura kuitisha kikao maalumu cha dharura cha Baraza Kuu, lile la nchi zote wanachama, na hilo linahesabiwa ni la utaratibu, hapana ya Urusi ikawa kura moja tu kama ya nchi nyingine yoyote.

Na kujizuia si veto, hili watu wanalichanganya sana. Azimio 1973 la Libya mwaka 2011 China na Urusi zote zilijizuia na likapita kwa kura 10, ndege zikaenda.

"Huu utaratibu wa kulipeleka jambo Baraza Kuu ulitungwa na nchi za Magharibi kuipiga Urusi tu"

Kuzaliwa kwake ni kweli kulikuwa hivyo, ila kikao cha kwanza cha dharura kilichoitishwa kwa utaratibu huo kiliwahusu Waingereza na Wafaransa, na hapa ndo nataka tukae kidogo maana kisa cha Suez kinafundisha zaidi ya vingine vyote.

Mwaka 1950 Wasovieti walikuwa wamesusa baraza tangu Januari kwa sababu kiti cha China hakikupewa serikali ya kikomunisti ya Beijing, wakati wako nje vita vya Korea vikaanza mwezi Juni na baraza likapitisha maazimio bila wao. Agosti wakarudi, na kuanzia hapo veto yao ikawa inazuia rasimu za Korea. Marekani ikatafuta mlango mwingine, na tarehe 3 Novemba 1950 Baraza Kuu likapitisha azimio 377, linaloitwa Kuungana kwa Ajili ya Amani, kwa kura 52 dhidi ya 5. Linasema hivi kwa ufupi: Baraza la Usalama likishindwa kufanya kazi yake kwa sababu wakubwa hawakubaliani, na amani iko hatarini, Baraza Kuu linalichukua jambo hilo mara moja na kuwapendekezea wanachama hatua za pamoja, hata za kijeshi pakiwa na uvamizi. Kama Baraza Kuu haliko kwenye kikao linaweza kuitishwa ndani ya saa 24. Wasovieti walipinga, wakasema ni kinyume cha Mkataba.

Sasa ruka mpaka 1956. Nasser wa Misri anautaifisha mfereji wa Suez mwezi Julai. Oktoba 29 Israeli inaingia Sinai, na Uingereza na Ufaransa, ambao walikuwa wamekubaliana nayo kwa siri, wanajiandaa kuingia kwa kisingizio cha kuwatenganisha wanaopigana. Marekani inapeleka rasimu barazani kuitaka Israeli irudi nyuma. Oktoba 30 Uingereza na Ufaransa wanapiga veto, na kwa Uingereza hiyo ilikuwa veto yake ya kwanza kabisa.

Kesho yake Yugoslavia ikaleta rasimu ya kuitisha Baraza Kuu kwa kutumia 377. Wakati huo baraza lilikuwa na wanachama 11 na kura zilizotakiwa ni 7. Zikapatikana 7 kamili, hakuna hata moja ya akiba. Uingereza na Ufaransa walisema hapana, haikuwasaidia kitu. Na kati ya hizo 7 kulikuwa na kura ya Marekani na kura ya Umoja wa Kisovieti, wale wale waliosema miaka sita nyuma kwamba utaratibu huu ni haramu. Mimi hapo ndo huwa nawaambia watu waache kuuita silaha ya upande mmoja, nchi inaupenda au inauchukia kutokana na nani amekaa kwenye kiti cha moto siku hiyo.

Baraza Kuu likakutana Novemba 1, usiku ule wa kuamkia tarehe 2 likapitisha azimio 997 la kusitisha mapigano, kura 64 ndiyo, 5 hapana, 6 wamejizuia. Tarehe 4, kwa wazo la Lester Pearson wa Kanada, likampa Katibu Mkuu Hammarskjöld saa 48 alete mpango wa kikosi cha kimataifa. Tarehe 5, wakati askari wa miavuli wa Uingereza na Ufaransa wanatua Port Said, kikosi kikawa kimeundwa kwenye karatasi. Katikati ya Novemba walinda amani wa kwanza wakafika Misri, na baadaye wakawa kama 6,000 kutoka nchi kumi, hakuna hata mmoja kutoka kwa wale watano wakubwa. Desemba 22 Waingereza na Wafaransa wa mwisho wakawa wameondoka, Israeli ikamaliza kutoka Machi 1957.

"Kwa hiyo Baraza Kuu linaweza kuamuru, kama Baraza la Usalama lilivyo"

Hapa ndo pa kuwa makini, maana mtu akisoma Suez peke yake atadhani kura 64 ndizo zilizowatoa Waingereza. Kilichowatoa kwa sehemu kubwa ni pesa. Pauni ilikuwa inaanguka, akiba yao ya dola inapungua kwa kasi, na Marekani ikakataa kuwaunga mkono wapate fedha Shirika la Fedha la Kimataifa mpaka wakubali kuondoka. Azimio la Baraza Kuu ni pendekezo. Lilimpa kila mtu kitu cha kushika, likawapa Uingereza njia ya kutoka bila kusema wameshindwa kwa sababu kikosi cha UN kinachukua nafasi yao, lakini nguvu ya kusukuma ilitoka Washington.

Unataka ushahidi? Angalia wiki ileile. Novemba 4 vifaru vya Kisovieti vinaingia Budapest, mji mkuu wa Hungary, Baraza la Usalama linazuiwa kwa veto ya Kisovieti, jambo linapelekwa Baraza Kuu kwa utaratibu uleule, siku hiyohiyo azimio 1004 linapita kwa kura 50 dhidi ya 8 likiwataka Wasovieti waache na Katibu Mkuu apeleke watu wa kuchunguza. Wachunguzi wakanyimwa ruhusa ya kuingia. Vifaru vikabaki. Ukumbi uleule, siku zilezile, ila hakukuwa na mtu aliyekuwa tayari au mwenye uwezo wa kuibana Moscow.

Hata kile kikosi cha Suez kilikaa kwa ridhaa ya Misri. Mwaka 1967 Nasser akasema ondokeni na kikaondoka, maana hakikuwekwa pale kwa amri. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ililiweka sawa jambo hili mwaka 1962 baada ya nchi kadhaa kukataa kulipia vikosi vya Suez na Kongo: jukumu la amani la Baraza la Usalama ni la kwanza lakini haliko peke yake, Baraza Kuu linaruhusiwa kupendekeza na kuunda kikosi kwa ridhaa ya nchi husika, ila kuilazimisha nchi kwa nguvu kunabaki kwa Baraza la Usalama.

"Lazima Baraza la Usalama lenyewe likubali kulipeleka"

Kuna njia mbili. Moja ni hiyo ya kura 9 barazani. Ya pili ni wengi wa wanachama wa UN kuomba, leo maana yake nchi 97 kati ya 193, na hapo Baraza la Usalama halipigi kura hata kidogo. Kikao cha kumi cha dharura, cha Palestina, kilianza hivyo Aprili 1997 baada ya Marekani kupiga veto mbili mwezi Machi, na hakijafungwa moja kwa moja, kinaahirishwa halafu kinafunguliwa tena. Ndo maana Desemba 2023, Marekani ilipopiga veto tarehe 8 kuhusu Gaza, tarehe 12 tu Baraza Kuu lilikuwa limeshapitisha la kusitisha mapigano kwa kura 153 dhidi ya 10. Hawakuhitaji kuanza upya.

Kwa Watanzania, kikao cha sita, cha Afghanistan Januari 1980, kiliongozwa na Salim Ahmed Salim aliyekuwa rais wa Baraza Kuu mwaka ule. Kura 104 zilitaka majeshi ya kigeni yatoke Afghanistan, Wasovieti wakatoka 1989.

"Siku hizi kila veto inaenda Baraza Kuu, si ndo utaratibu huohuo?"

Ni vitu viwili. Aprili 26, 2022 Baraza Kuu lilipitisha azimio 76/262, lililoletwa na Liechtenstein, kwamba veto yoyote ikipigwa rais wa Baraza Kuu anaitisha mjadala ndani ya siku 10 za kazi. Huo unajiendesha wenyewe, haumngojei mtu aombe. Lakini ni mjadala, aliyepiga veto anapewa nafasi aje aeleze, na unaweza kuisha bila azimio lolote. Kikao cha dharura cha 377 kinaitishwa kwa makusudi ili kitoe mapendekezo, na azimio zito pale linahitaji theluthi mbili ya waliopo na kupiga kura, waliojizuia hawahesabiwi. Kwa hiyo Machi 2, 2022, azimio la Ukraine lilipopita 141 kwa 5, nchi 35 zilizojizuia, Tanzania, Uganda na Burundi zikiwemo, hazikuingia kwenye hesabu ya theluthi mbili, wakati Kenya, Rwanda na Kongo ya Kinshasa zilikuwa kwenye zile 141.