Je, wajua? Miraba ya kioo cha oskiloskopu inavyohesabiwa kwenye picha

"Nimetumiwa picha ya kioo cha oskiloskopu, mashine yenyewe sina. Nitajuaje frikwensi na ukubwa wa hilo wimbi?"

Hesabu miraba, kisha zidisha. Oskiloskopu nyingi zina miraba 10 kwenda upande na 8 kwenda juu, na mistari miwili ya katikati ina vijistari vinavyogawa kila mraba mara tano, yaani kila kijistari ni 0.2 ya mraba. Ukienda kulia mraba ni muda, ukipanda juu mraba ni volti. Ni muda gani na volti ngapi, wimbi lenyewe halisemi. Kwenye mashine za zamani utaona kwenye nobu za TIME/DIV na VOLTS/DIV. Kwenye za dijitali huandikwa kiooni, kwa mfano `CH1 500mV` na `M 5.00ms`. Picha iliyokata sehemu hizo inakuonyesha umbo la wimbi tu, basi.

Kijana mmoja anayejiundia pawa saplai alinitumia picha ya namna hii, akiwa amepima upande wa pili wa transfoma ya volti 12. "Fundi, mbona inatoa volti tatu na ushee tu? Imeungua?" Bahati nzuri alipiga picha mashine nzima. TIME/DIV ilikuwa 5 ms, VOLTS/DIV ilikuwa 0.5.

Nikaanza na muda. Wengi hupima kutoka kilele hadi kilele, lakini kilele cha wimbi la namna hii ni bapa, huwezi kusema kwa uhakika katikati yake ni wapi. Pima pale wimbi linapokata mstari wa katikati, kwa kuwa hapo linapita kwa kasi na alama ni kali. Angalizo moja: sehemu zote mbili wimbi liwe linapanda. Ukichukua moja inayopanda na inayofuata inayoshuka, umepima nusu ya mzunguko, na frikwensi itatoka mara mbili ya ile halisi. Kwenye picha ya kijana, mizunguko miwili ilichukua miraba 8, hivyo mmoja ni miraba 4. Nilihesabu miwili makusudi: jicho likikosea kwa sehemu moja ya kumi ya mraba, kosa hilo linagawanywa kwa mbili.

```
T = 4 × 5 ms = 20 ms = 0.02 s
f = 1 / T = 1 / 0.02 = 50 Hz
```

Hezi 50 ndiyo frikwensi ya umeme wa majumbani kwetu, kwa hiyo upande wa muda haukuwa na shaka.

Sasa volti. Mstari wa mwanga una unene wake, kwa hiyo chagua ukingo mmoja, tuseme wa juu, uufuate kileleni na bondeni vilevile. Nilipata miraba 7.2, yaani volti 3.6 kutoka bonde hadi kilele. Ndizo "tatu na ushee" za kijana. Ila pembeni mwa picha probu ilionekana, na swichi yake ilikuwa X10. Probu ya X10 hupitisha sehemu moja ya kumi tu ya volti, na nobu ya mashine ya zamani haina habari nayo.

```
Vpp  = 7.2 × 0.5 V × 10 = 36 V
Vp   = 36 / 2 = 18 V
Vrms = 18 / 1.414 ≈ 12.7 V
```

Hiyo 18, nusu ya umbali wote, ndiyo kimo cha wimbi. Hiyo 12.7 ndiyo ambayo mita ya kawaida ingesoma, na kuzidi 12 kidogo si ajabu kwa transfoma isiyobeba mzigo. Ilikuwa nzima kabisa. Mashine ya dijitali ikiwekwa 10X kwenye menyu huzidisha yenyewe. Ukizidisha tena utapata volti 360 na kumtisha mtu bure.

Kinachonisumbua zaidi kwenye picha ni nobu ndogo ya CAL, ambayo mara nyingi hukaa katikati ya ile kubwa. Ikiwa imezungushwa kidogo tu kutoka mahali pake, maandishi ya nobu kubwa hayana maana tena, na wimbi bado litaonekana safi. Hapa hezi 50 zilinithibitishia ya muda, lakini ya volti ina yake. Ilibidi nimuulize, naye akaihakikisha.

Picha ikiwa imepigwa kwa pembe, usitumie rula. Miraba ya karibu na kamera huonekana mikubwa kuliko ya mbali, lakini ukihesabu mmoja mmoja, kila mraba bado ni milisekunde 5 zilezile.