Wati za spika ya kubebeka: namba ipi ya kuamini, na inafika safu ya ngapi

Wati hupima nguvu ya umeme ambayo amplifaya inaipeleka kwenye spika. Hazipimi ukubwa wa sauti moja kwa moja, na hapo ndipo wanunuzi wengi wa vyombo vya kanisa dogo au mkutano wa mtaa wanapopotea. Spika mbili zenye wati zilezile zinaweza kutofautiana sana kwa sauti, na spika yenye wati maradufu huongeza sauti kidogo tu, pungufu ya vile mtu anavyotarajia.

Kwanza, namba yenyewe. Kwenye boksi moja unaweza kukuta namba tatu. Iliyoandikwa RMS ni nguvu ambayo chombo kinaweza kuibeba mfululizo bila kuungua. Ile ya kilele, yaani "peak", ni nguvu ya kufumba na kufumbua, na kwa kawaida huandikwa mara mbili hadi nne ya RMS. Ya tatu ni PMPO, ambayo haina kipimo kimoja kinachokubalika. Kila kiwanda huikokotoa kivyake, kwa hiyo ipuuze kabisa. Linganisha RMS kwa RMS, na kama haikuandikwa popote, kichukulie chombo hicho kuwa kidogo mpaka masikio yako yathibitishe vinginevyo.

Betri nayo husema ukweli. Spika nyingi za magurudumu zina betri ya volti 12 na ampea-saa 7. Zidisha 12 kwa 7 upate wati-saa 84. Kama boksi linadai wati 1000, basi kwa nguvu hiyo betri ingekwisha ndani ya dakika tano hivi. Lakini kijitabu hichohicho kinaahidi saa nne au tano. Ahadi hizo mbili haziwezi kuwa kweli kwa pamoja, na mara nyingi iliyotiwa chumvi ni ile ya wati. Usikitilie shaka chombo kwa sababu tu adapta yake ni ndogo, maana usemi na muziki huwa na vilele vifupi, na wastani wa nguvu inayotumika huwa sehemu ndogo tu ya uwezo wote.

Sasa tuzigeuze wati kuwa sauti. Tafuta kwenye maelezo ya spika namba ya unyeti, ambayo huonyesha sauti inayotoka kwa wati moja ukiwa mita moja mbele yake. Namba hiyo huwa kwa desibeli, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti. Tuseme ni desibeli 92. Kila unapoongeza wati maradufu, unapata desibeli 3 tu. Ukipanda hivyo kutoka wati 1 hadi 2, 4, 8 na kuendelea, kwenye wati 50 za RMS unafika kama desibeli 109. Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka maradufu, unapoteza desibeli 6. Kutoka mita 1 hadi 16 umbali umeongezeka maradufu mara nne, kwa hiyo zinapotea desibeli 24 na zinabaki 85. Toa 12 nyingine, kwa sababu msemaji hupaza na kushusha sauti, na vilele vyake lazima vipate nafasi bila kukwaruza. Aliyeketi safu ya mwisho anapata wastani wa desibeli 73.

Je, zinatosha? Ili maneno yaeleweke bila kukaza masikio, usemi uzidi kelele za mahali hapo kwa desibeli 15 hivi. Uwanja uliotulia ukiwa na kelele za desibeli 55, unahitaji 70, kwa hiyo spika hii ya wati 50 inamfikia aliye mita 16. Weka jenereta karibu, kelele zipande hadi 65, na sasa unahitaji 80. Zimepungua desibeli 7, na kuzifidia kwa wati pekee ungehitaji wati mara tano, yaani kama 250. Kusogeza jenereta mbali, nyuma ya jengo, ni rahisi zaidi.

Mpangilio wa viti una nguvu hiyohiyo. Ukiwaketisha watu wale wale kwa upana, safu ya mwisho iwe mita 8 badala ya 16, umepata desibeli 6, sawa na kuongeza wati mara nne, bila kununua chochote. Usipanue kupita kiasi, kwa kuwa spika nyingi hutupa sauti vizuri ndani ya pembe ya nyuzi kama 90 tu, na walio pembeni husikia mvumo bila herufi. Hesabu hii ni ya mahali pa wazi na ya usemi. Ndani ya ukumbi kuta hurudisha sauti, hivyo haishuki upesi namna hiyo. Tatizo la humo huwa mwangwi, na wati zaidi huuzidisha. Kwaya yenye ngoma au kinanda cha besi nayo inahitaji chombo kikubwa kuliko hiki.

Chagua spika yenye tundu la stendi chini yake, la milimita 35. Sauti kali zinazobeba herufi kama s, t na f huzuiwa na miili ya watu. Spika iliyowekwa sakafuni huwapigia kelele walio mbele, huku walio nyuma wakisikia mngurumo. Iinue mpaka twita, yaani kile kispika kidogo cha ndani kinachotoa sauti kali, ipite juu ya vichwa vya walioketi.

Uimara ni uwezo wa kubeba wati hizo siku nzima. Kinachoua spika ndogo mara nyingi ni amplifaya iliyofunguliwa hadi mwisho: mawimbi hukatwa vilele, sauti hukwaruza, na joto huunguza twita kwanza. Ukisikia mkwaruzo, punguza. Spika ikianza kusema kama iliyofunikwa blanketi, huenda twita imekwisha kuungua. Kwa mwili wake, tafuta wavu wa chuma unaokataa kubonyea kwa kidole, plastiki nene, na matundu ya waya yasiyocheza ukiyatikisa. Alama ya IP54 ina maana kwamba vumbi haliingii kiasi cha kudhuru na matone ya maji hayaleti madhara. Si ruhusa ya kuiacha mvuani.

Kwa maikrofoni, aina ya dainamiki inayosikia zaidi kutoka mbele huvumilia kuanguka na haikamati ovyo sauti za spika. Zisizo na waya zichague za UHF, na uwe na moja ya waya kama akiba, maana betri hufa katikati ya sala. Msemaji aishike sentimita 5 hivi kutoka mdomoni. Akiisogeza hadi 20, desibeli 12 zimepotea; fundi atapandisha sauti kufidia, na hapo maiki itaanza kupiga mluzi. Kuufunika wavu wake kwa kiganja nako huleta mluzi. Spika ikae mbele ya msemaji, ikitazama watu.

Betri ya asidi iliyoachwa tupu wiki kadhaa hupoteza uwezo wake daima. Ijaze siku ileile baada ya shughuli, kisha irudishie chaji kila mwezi hata kama hakuna mkutano.