Je, wajua kwa nini paili, yaani nguzo ya msingi iliyozama ardhini, inaweza kukataliwa hata ikiwa ndani ya kikomo cha kutitia?

"Ripoti ya jaribio inasema paili yetu imetitia milimita 12, na kikomo ni 15. Kwa nini basi mhandisi mshauri hataki kusaini?"

Kwa sababu hiyo 12 ilisomwa paili ikiwa bado inashuka. Tuchukue mfano wa jengo kwenye tambarare ya mto Luiche, karibu na Ujiji, ambako udongo ni mchanga uliolowa. Paili ina kipenyo cha milimita 600 na urefu wa mita 18. Mzigo wake wa kazi, yaani ule itakaoubeba jengo likishasimama, ni kilonyutoni 1,200, kama tani 120 hivi. Mkataba unaruhusu itite milimita 10 kwenye mzigo huo, na 15 ikisukumwa kwa jeki hadi mara moja na nusu, yaani 1,800. Tena unadai kwamba katika hatua hizo kuu mbili kasi ya kutitia ishuke chini ya milimita 0.1 kwa saa kabla hatua haijafungwa.

Geji zilisoma hivi: kwenye 1,200, milimita 3.4, na paili ikatulia. Kwenye 1,500, milimita 5.6, ikatulia pia. Kwenye 1,800 ilifika 11.8, na baada ya saa sita ilikuwa bado inashuka milimita 0.4 kila saa. Mzigo ulipoondolewa ilirudi juu milimita 3.7 tu, na 8.1 zikabaki.

Angalia jinsi mchoro wa mzigo na mtitio unavyopinda. Kutoka 1,200 hadi 1,500 paili ilishuka milimita 2.2. Nyongeza ileile ya 300 iliyofuata iliishusha 6.2. Paili ya kuchimba hubebwa kwanza na msuguano wa ubavuni, na msuguano huo hufika ukomo wake mapema, baada ya paili kusogea milimita chache tu. Kitako, yaani ncha ya chini ya paili, huchelewa: ili kifanye kazi yake yote huhitaji kusogea sana, pengine hata asilimia 10 ya kipenyo, ambayo hapa ni milimita 60. Kwa hiyo kwenye mzigo wa kazi paili yenye kitako kibovu huweza kuonekana nzuri kabisa, maana kitako chenyewe hakijaulizwa kitu.

Kule kurudi juu nako kunasema jambo. Zege lenyewe hufupika likibanwa, na kiasi chake hukokotolewa kwa PL/AE: mzigo mara urefu, gawanya kwa eneo mara ugumu wa zege. Kwa 1,800, tukichukua ugumu wa gigapaskali 28, ni milimita 4.1 iwapo mzigo wote unafika chini. Ukimezwa sawasawa na ubavu njiani, zege hufupika nusu tu ya hiyo. Kurudi kwa 3.7 kunaashiria kwamba sehemu kubwa ya mzigo ilikuwa imeshafika kitakoni, ingawa si ushahidi kamili, kwa kuwa udongo nao hurudi kidogo.

Kabla ya kuilaumu paili, kagua vipimo. Boriti inayoshikilia geji ikipigwa na jua la mchana hupinda, na geji husoma mwendo ambao haupo. Mwendo wa namna hiyo hurudi nyuma usiku. Huu wetu uliendelea upande mmoja hata gizani, kwa hiyo ni wa paili.

Mimi ningeandika hivi: mtitio kwenye mzigo wa kazi umethibitika kwa paili hii, akiba ya usalama juu ya mzigo huo haijathibitika. Hizo ni hukumu mbili, na ripoti nyingi huzichanganya katika neno moja, "imefaulu".

Kisha ningeomba kumbukumbu za uchimbaji. Katika mchanga uliolowa, shimo hushikiliwa lisiporomoke kwa uji wa udongo wa bentonaiti au bomba la chuma, na mchanga unaoelea hutua chini taratibu. Shimo likisafishwa asubuhi na zege likamwagwa jioni bila kupima tena kina, tope linakaa chini ya kitako. Kina kilichopimwa kabla ya kumwaga kikiwa pungufu ya kile kilichochimbwa, mshukiwa amepatikana.

Hapo paili nyingine zilizomwagwa kwa namna hiyohiyo nazo zijaribiwe. Wakati huo mzigo wa kazi ushushwe hadi 1,000, kwa kuwa 1,500 ndio mzigo wa mwisho ambao paili ilitulia, na uwiano wa moja na nusu unabaki. Na hata zote zikifaulu, bado kuna hesabu ya kundi: paili tisa zilizounganishwa juu na kofia moja ya zege hutitia zaidi ya paili moja pekee, hata kila moja ikibeba mzigo uleule, kwa kuwa zinabana udongo mmoja hadi kina kirefu zaidi. Jaribio la paili moja halipimi hilo.